Kusimulia riwaya ya Kiswahili nyumbani: namna ya kubaki na sauti ileile kuanzia sura ya kwanza hadi ya mwisho

Mtu anayesoma vizuri anaweza kukusomea sura moja ukafurahi. Kazi ya kitabu cha sauti huonekana kwenye sura ya saba. Sura ya sita uliirekodi Ijumaa jioni, ya saba Jumatatu asubuhi, na katikati ulikwenda harusini ukapiga vigelegele hadi koo likakauka. Msikilizaji aliye kwenye daladala hajui hayo. Kwake sura hizo mbili zimepishana kwa sekunde tatu tu, na anachosikia ni bibi wa miaka sabini aliyegeuka ghafla kuwa wa hamsini, na msimulizi aliyeanza kukimbia kama anayewahi basi la mwisho.

Mwongozo huu unahusu jambo hilo: jinsi ya kushika sauti za wahusika, mwendo na nguvu zako visihame kitabu kizima. Mfano wangu ni riwaya ya maneno 63,000, sura 24, wahusika kumi na mmoja wanaozungumza, niliyoirekodi ndani ya kabati la nguo.

Soma kitabu chote kabla ya kugusa maiki

Najua unaona hili ni la wazi. Hata mimi niliona hivyo, nikasoma sura tano nikaanza kurekodi. Kulikuwa na mwalimu mmoja niliyempa sauti nyepesi ya mtu wa Dar, mwenye maneno ya harakaharaka. Nikaenda naye hivyo sura kumi. Sura ya kumi na moja mwandishi akaandika kwamba miaka ishirini ya mjini haikuifuta lafudhi yake ya Kipemba. Nilirudia kila sentensi aliyoisema mwalimu yule tangu mwanzo, siku mbili za kazi.

Kwa hiyo soma mara moja kama msomaji, usiandike chochote. Kisha soma mara ya pili ukiwa na daftari, na kwa kila mhusika anayefungua mdomo andika kile mwandishi alichosema juu ya sauti yake, umri wake, anakotoka, na anamwogopa nani. Hilo la mwisho lina faida kuliko yote, kwa sababu mtu hazungumzi na baba mkwe kama anavyozungumza na muuza mkaa.

Pigia mstari pia maneno ambayo mkazo wake unaweza kukuteleza. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tumezoea kiasi kwamba hatufikirii. Lakini yapo machache yenye tabia yake. *Barabara* ukikaza silabi ya tatu ni njia ya magari. Ukikaza ya pili ni sawasawa kabisa. *Walakini* ya kukaza *ki* ni kasoro. Ya kukaza *la* ni lakini. Ukikutana nayo katikati ya sentensi ndefu, mdomo huchagua kabla akili haijafika. Majina ya watu na ya vijiji nayo yaulizie kwa mwandishi au kwa mtu wa huko, uandike jinsi yanavyotamkwa.

Hesabu siku zako

Miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya Kiingereza inataja maneno 150 hadi 160 kwa dakika. Usijaribu kuyafikia. Neno letu moja, *nitakapomwona*, limebeba kazi ya maneno matano ya wenzetu, na ukilazimisha idadi ile utasikika kama mtangaza mnada. Chukua kurasa mbili za kitabu chako, hesabu maneno, soma kwa saa ya simu. Mimi nilipata 105 kwa dakika, pamoja na vituo. Maneno 63,000 kugawa kwa 105 ni dakika 600, yaani saa kumi za kitabu kilichokamilika.

Sasa zidisha. Kwa kila saa moja iliyokamilika, mimi hukaa mbele ya maiki karibu saa mbili na nusu, kwa sababu ya makosa, maji, na jogoo wa jirani. Hiyo ni saa 25. Nikirekodi saa mbili na nusu kwa siku, ni siku kumi za kazi. Mwandishi akikuomba umalize ndani ya wiki moja, hesabu hii ndiyo jibu lako. Kujibana siku nne za saa sita sita kunawezekana kwa mwenye koo lililozoea. Kwa anayeanza, sauti ya siku ya tatu haitafanana na ya kwanza.

Kabati, shibiri na sekunde thelathini

Chumba nitakipitia upesi. Nguo zilizotundikwa mbele na pembeni, blanketi nyuma ya mgongo, feni imezimwa, friji ikiwa karibu imechomolewa (weka funguo za nyumba ndani ya friji ili usisahau kuirudisha). Maiki iwe umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili *p* na *b* zisiipulizie moja kwa moja. Funga uzi wa urefu huo kwenye kishikio cha maiki, na kila siku upime kwa uzi, si kwa macho. Ukisogea nusu shibiri, sauti yako hubadilika rangi hata kama hukubadilisha chochote kooni.

Kila siku kabla ya kuanza, rekodi sekunde thelathini za ukimya. Vipimo vya ACX, wanaopokea vitabu vya sauti kwa ajili ya duka la Audible, vinataka kelele za chumba zisizidi -60 dB, kilele cha sauti kisizidi -3 dB, na wastani, unaoitwa RMS kwenye skrini, uwe kati ya -23 na -18 dB. Hata kama kitabu chako hakiendi huko, ni vipimo vizuri vya kujipimia. Sekunde zile thelathini zikionyesha -52 leo wakati jana zilikuwa -63, kuna kitu kimewaka mahali fulani. Kitafute kwanza.

Wahusika: kwa nini Kiswahili kinakudai zaidi

Lugha yetu haitofautishi *yeye* wa kiume na *yeye* wa kike. Machoni hilo halisumbui, kwa sababu msomaji ana alama za kufunga na kufungua usemi, na aya mpya. Msikilizaji hana. Tazama kipande hiki nilichokitunga kwa mfano, kwa kutumia wahusika wa riwaya niliyoirekodi. Wako watatu barazani: Bi Zuhura, mjukuu wake Salimu, na Babu.

> "Hamisi yupo nyumbani?" Bi Zuhura aliuliza hata kabla ya kuvua ushungi.
>
> "Yupo nyumbani."
>
> "Na mkewe karudi?"
>
> "Karudi," alisema, kisha akainamisha uso. "Lakini hatakuja leo," alinong'ona.
>
> Akacheka. "Mwache mtoto anywe chai, wewe."

Nani alicheka? Maandishi hayasemi. Msomaji anagundua ni Babu kwa sababu ya "mtoto". Msikilizaji lazima amjue kuanzia silabi ya kwanza ya "Mwache", na atamjua kwa sauti yako peke yake.

Kuna mitego miwili zaidi hapo. Ukiondoa jina, swali la "Hamisi yupo nyumbani?" na jibu "Yupo nyumbani" yana maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, kinachotenganisha ni wimbo wa sauti tu. Alama ya kuuliza iko mwisho, nawe ulipaswa kuijua tangu mwanzo. Na "alinong'ona" limekuja baada ya usemi kwisha. Ukiwa umeisema "hatakuja leo" kwa sauti ya kawaida, umechelewa. Dawa ni jicho kutangulia mdomo kwa mstari mmoja na nusu. Kabla ya jicho kuzoea, chora alama: mimi huweka ? ndogo ya wino mwekundu mbele ya kila swali lisiloanza na neno la kuuliza, na duara pembeni mwa mnong'ono.

Sasa sauti zenyewe. Anayeanza hukimbilia kupandisha na kushusha: wanawake juu, wazee chini. Matokeo yake ni katuni, na koo linalouma. Badilisha kwanza mambo matatu mengine: kasi, uzito wa pumzi, na mahali sauti inapokaa mdomoni. Bi Zuhura wangu anasema haraka, maneno yako mbele kwenye meno, na kila sentensi anaikata kama anayefunga mlango. Salimu ana pumzi nyingi kuliko sauti, huanza polepole kisha hukimbilia mwisho ili amalize. Babu anasimama katikati ya sentensi mahali pasipo na mkato, kwa sababu hakuna anayethubutu kumwingilia. Kimo cha sauti nimekisogeza kidogo sana, na bado huwezi kuwachanganya.

Mwanaume akisimulia mwanamke asiende kwenye sauti ya puani ya kuigiza. Apunguze uzito, alainishe miisho, basi. Mwanamke akimsimulia mwanaume asikandamize koo. Apunguze kupanda na kushuka kwa wimbo, atulie. Na usimpe mhusika wa kurasa arobaini sauti ya kukwaruza. Inanoga kwa sentensi tatu. Ikifika sura ya tatu utakuwa unakohoa. Mkwaruzo uwape wapita njia, yule mlinzi wa getini mwenye mstari mmoja.

Lafudhi ni jambo la heshima kabla ya kuwa la ufundi. Mwandishi akiwa ameandika Kimvita au Kipemba, maandishi tayari yamebeba lahaja, nawe huhitaji kuongeza chumvi. Tafuta msemaji wa huko akusomee kurasa mbili, umrekodi kwa ruhusa yake, usikilize wimbo wa sentensi zaidi ya herufi. Ukishindwa, msomee kwa sauti yake ya tabia uliyompa, ukiacha lafudhi. Mpemba atakusamehe kwa kutoijua lafudhi yake. Kwa kuifanyia mzaha, sidhani.

Baada ya kupata sauti, ifungie kwenye mwili. Bi Zuhura nikimsema nainua kidevu. Salimu, mabega yanaingia ndani. Babu, kiganja kinakaa gotini. Ni upuuzi ukijitazama kwenye kioo, lakini mwili hukumbuka haraka kuliko koo, na katika mazungumzo ya mistari mifupi kama yale ya juu hutapata muda wa kufikiri.

Kisha tengeneza kipande cha rejea. Kwa kila mhusika rekodi sekunde kumi: jina lake, na sentensi moja kutoka kitabuni inayombeba mzima. Ya Bi Zuhura ilikuwa "Mimi sijauliza hayo." Viweke vyote kwenye folda moja, na kila mhusika anaporudi baada ya kupotea sura mbili, sikiliza kipande chake kabla ya kumsema. Usiamini kumbukumbu. Mimi nilikuwa na uhakika kabisa na sauti ya Babu hadi niliposikiliza kipande chake wiki ya pili, nikakuta nimeshamshusha chini kiasi kwamba angefika sura ya ishirini akiwa kaburini.

Mwendo

Mwendo mzuri hausikiki. Unaosikika ni wa kusoma kila sentensi kwa kasi ileile na kushuka mwishoni kwa namna ileile, kama anayesoma taarifa ya vifo redioni. Unaovumilika hubadilika ndani ya ukurasa na kubaki sawa kati ya kurasa: maelezo ya mtaa yanaweza kwenda upesi kidogo, habari ya kifo inatulia, lakini ukipima dakika kumi za sura ya pili na dakika kumi za sura ya ishirini, idadi ya maneno iwe karibu sawa. Ipime kweli. Mimi hufanya hivyo kila mwisho wa siku, ukurasa mmoja tu. Nikitoka 105 nikafika 118, najua nilichoka mahali fulani nikaanza kukimbia.

Vituo ndivyo vinavyoweka mwendo kuliko kasi ya maneno. Mkato ni pumzi ndogo, wakati mwingine si pumzi kabisa. Nukta ni pumzi kamili. Mwisho wa tukio, hesabu moja, mbili kimoyomoyo. Anayeanza huogopa kimya hicho cha mwisho, akidhani msikilizaji atafikiri simu imezima. Msikilizaji anakihitaji ili atoke barazani kwa Bi Zuhura aingie sokoni.

Sentensi ndefu za Kiswahili zina mtego wake. "Mzee aliyekuwa akiuza kahawa pale kona ambako zamani palikuwa na mwembe uliokatwa na manispaa alifariki jana." Kitenzi kikuu kiko mwisho kabisa. Ukivuta pumzi baada ya "manispaa", "alifariki" litaning'inia peke yake, na msikilizaji atakuwa ameshampoteza mzee. Pumzi ivutwe baada ya "kahawa", kisha sauti ibaki imeinuka kidogo hadi "alifariki". Sentensi za namna hii ziwekee alama ya pumzi kwa penseli usiku wa kuamkia kazi.

Makosa yafutwe palepale

Ukikosea, usiendelee ukitegemea kuja kusafisha baadaye. Saa kumi za sauti zenye makosa mia nane ni wiki nzima ya kuhariri. Kwenye Audacity, bofya kwenye kimya kilichotangulia kosa, kisha bonyeza `Shift+D`. Programu inakuchezea sekunde chache zilizotangulia, halafu inaanza kurekodi kuanzia pale ulipobofya, na kilichokuwa mbele kinafutwa. Faida yake kubwa si muda. Zile sekunde chache zinakurudishia mwendo, nguvu na sauti ya mhusika kabla hujafungua mdomo, kwa hiyo kiraka hakionekani. Bofya kwenye nukta au mkato. Ukibofya katikati ya neno kiungo kitasikika.

Kubaki na nguvu

Sauti ya mtu aliyetoka kuamka ni nzito. Ukirekodi alfajiri kwa sababu mtaa umetulia, na kesho yake ukarekodi jioni, umepata wasimulizi wawili. Chagua saa moja ya siku na uishike kitabu kizima, angalau saa mbili baada ya kuamka. Yangu ni saa tatu na nusu asubuhi: watoto wako shule, bodaboda zimepungua, adhana ya adhuhuri bado.

Maji hunywewa tangu jana. Unachokunywa hakipiti kwenye nyuzi za sauti, kinakwenda tumboni. Mwili ndio unaozilainisha, na huchukua saa kadhaa. Chai ya tangawizi inastarehesha koo, sawa, lakini hairekebishi ukavu wa siku nzima. Maji ya uvuguvugu, funda dogo kila ukurasa. Chai ya maziwa iache hadi umalize, kwani mdomo hunata na maiki inasikia kila mnato. Tufaha bichi lenye ukali, likitafunwa kidogo, hupunguza ile milio ya mate. Kula, lakini kidogo: tumbo tupu linanguruma, na lililojaa ugali linakunyima pumzi.

Kabla ya kuanza, pasha sauti dakika tano. Tetemesha midomo kama punda, vuma kwa mdomo uliofungwa kutoka chini hadi juu bila kulazimisha, kisha soma aya moja ukizidisha matamshi. Halafu sikiliza dakika mbili za mwisho za jana. Hili la mwisho usiliruke hata siku moja.

Rekodi dakika 50, pumzika 15, nje ya kabati. Ndani mna joto, na hewa iliyotumika inakufanya usinzie bila kujua. Katika mapumziko usizungumze, hata simu usipokee. Vikao vitatu vya namna hii kwa siku vinanitosha. Panga siku ili tukio la kugombana au kulia liwe kikao cha mwisho, hata kama liko mwanzo wa sura, kwa sababu baada ya kupiga kelele sauti ya kawaida hairudi siku hiyo. Na kelele zenyewe ziwe za ujanja: rudi nyuma hatua nusu, geuza uso pembeni, weka mkazo kwenye konsonanti. Hasira iko kwenye kukaza maneno, si kwenye ukubwa wa sauti.

Uchovu hujitangaza kwa njia ambayo Kiswahili kinaionyesha vizuri. Kwanza irabu za mwisho zinamezwa: *nyumbani* inakuwa *nyumban*, *kitandani* inakuwa *kitandan*. Kisha *h* inadondoka. Hapo ndipo pa hatari, maana kwetu *h* hiyo ndiyo ukanushi: Salimu alisema "hatakuja leo", na ukichoka unasikika ukisema "atakuja leo", na njama nzima ya sura ile imepinduka. Ukisikia moja ya dalili hizi mara mbili kwenye ukurasa mmoja, au ukajikuta unasafisha koo kila aya, au makosa yamefika matano kwa ukurasa wakati kawaida yako ni mawili, simama. Usijaribu kumalizia sura. Kurasa nne za mwisho zilizosomwa kwa uchovu ndizo utakazozirudia kesho. Sauti ikiwa imekwaruza hadi asubuhi ya pili, pumzika siku nzima bila kunong'ona, kwani kunong'ona pia kunaichosha. Ukwaruzo ukiendelea wiki mbili au tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Sura ya kwanza, mara ya pili

Ukifika mwisho, cheza dakika tatu za sura ya kwanza kisha dakika tatu za sura ya mwisho, mfululizo, kwa visikilizio. Karibu kila mara, ya mwisho ndiyo nzuri. Kwenye ya kwanza ulikuwa bado unawatafuta: Bi Zuhura anaimba kidogo, Babu anajikaza kuwa mzee, na msimulizi anasoma kwa adabu ya mgeni. Weka siku ya kumi na moja kwenye hesabu yako kwa ajili hiyo, urekodi upya sura ya kwanza yote kwa kutumia sauti ulizonazo sasa. Hiyo ndiyo watu watakayoisikiliza kabla ya kuamua kununua. Vipande vya rejea usivifute hata baada ya kukabidhi kazi, kwani mwandishi wangu alirudi baada ya miezi minane na sehemu ya pili, na Salimu alikuwa ameoa.